Laptopu yenye NPU: niongeze laki tano au nibaki na isiyo nayo?

Salma_hesabu: Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijalipa. Kazi yangu ni Excel kubwa, mikutano ya Zoom karibu kila siku, na kugeuza mahojiano ya Kiswahili yaliyorekodiwa kuwa maandishi. Mahojiano ni ya siri, hayaruhusiwi kupandishwa kwenye intaneti, kwa hiyo yote yafanyike ndani ya mashine. Dukani kuna mbili:

Ya kwanza ina Core i7-13620H, RAM 16 GB ya DDR5, haina NPU, yaani ile chipu ya kazi za akili bandia.
Ya pili ina Core Ultra 7 155H, RAM 16 GB ya DDR5, ina NPU. Kwenye kibandiko wameandika "34 TOPS", yaani hesabu trilioni 34 kwa sekunde. Imezidi kwa laki tano.

Je, hiyo NPU ina faida kwa programu za sasa, au nalipia jina?

Bandari_Tech: Chini ya 40 TOPS hiyo ni takataka, dada. Microsoft waliweka kiwango cha 40 kwa Copilot+ PC, zile kompyuta za Windows za akili bandia, na hiyo ya 34 haifiki. Ama tafuta yenye 40 kwenda juu, ama usinunue kabisa.

kisiwani77: Mimi ningechukua yenye NPU. ChatGPT itafunguka haraka zaidi, siku hizi kila kitu ni hicho.

FundiRAM: Kisiwani, ChatGPT ya kwenye kivinjari inafanya hesabu zake kwenye seva huko mbali. Laptopu inaonyesha maandishi tu, NPU haiguswi. Na Salma amesema kazi yake haitoki nje ya mashine.

Bandari yuko sahihi kuhusu kile kiwango cha 40, ila kuna mambo mawili. Kwanza, hiyo 34 si ya NPU. Ni CPU, GPU na NPU zimejumlishwa pamoja. NPU yenyewe ya 155H ina 11 hivi. Muuzaji akikutajia TOPS, muulize "za NPU peke yake ni ngapi?" Kwa hiyo Recall, Click to Do na vingine vya Copilot+ havitakuja kwenye mashine hii, hata ukisasisha Windows.

Pili, 11 si takataka kwa kazi yake moja: kamera. Windows Studio Effects inaendeshwa na NPU, nayo inatia ukungu nyuma yako, inakufuata ukisogea na kurekebisha macho. Kwa kuwa inafanyika kabla picha haijafika kwenye programu, Zoom inapokea picha ambayo tayari imeshatengenezwa. CPU inabaki na nafasi ya Excel, na betri haiishi upesi kwenye mkutano mrefu. Watu hukosea hapa: wanawasha ukungu wa Windows na ule wa Zoom kwa pamoja. Kazi inafanyika mara mbili, feni inavuma, halafu wanalaumu NPU. Zima wa Zoom.

Usimwamini mtu, pima palepale dukani. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, utafute NPU 0 pembeni. Kisha fungua Camera, bonyeza Win+A, washa Studio Effects huku ukitazama grafu ya NPU. Ikipanda, inafanya kazi. Kama kitufe cha Studio Effects hakipo, basi mtengenezaji hakuiwezesha kwenye kamera hiyo au draiva haijawekwa, na hapo faida kuu ya NPU kwa mikutano yako imeondoka. Kama grafu yenyewe haipo, angalia kwa PowerShell kama kifaa kinatambulika:

```
Get-PnpDevice -Class ComputeAccelerator
```

Kwenye Intel utaona `Intel(R) AI Boost`.

Salma_hesabu: Asante sana, FundiRAM. Sasa kwenye mahojiano? Hiyo ndiyo inayonila muda.

FundiRAM: Hapo pana faida, lakini ya nusu. Whisper, ile modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi, inajua Kiswahili, ila modeli ndogo kama base zinaboronga sana, maneno yanaunganishwa ovyo. Kwa mahojiano tumia large-v3 au large-v3-turbo. Kwa njia rahisi, weka Audacity pamoja na programu jalizi za OpenVINO, zana za Intel za kuendesha modeli kwenye CPU, GPU au NPU, ambapo unachagua lugha, modeli na kifaa cha kufanyia kazi. Kwa whisper.cpp, OpenVINO inabeba sehemu inayosikiliza sauti tu; ile inayoandika maneno inabaki kwa CPU. Kwa hiyo usitegemee muda upungue kwa kadiri ya TOPS. Na mara ya kwanza utaona imekwama: modeli inaandaliwa kwa ajili ya kifaa hicho. Iache imalize, mara ya pili haichelewi hivyo.

Chukua dakika tano za mahojiano, uzipitishe kwa CPU, kisha GPU, kisha NPU, ukiandika muda wa kila moja. Mara nyingi GPU ya ndani ya 155H ndiyo itakayokuvutia kuliko NPU.

Sasa jambo ambalo hujaliuliza, na kwangu ndilo zito kuliko NPU: hiyo 16 GB ni kijiti kimoja au viwili? Fungua Task Manager, Performance, Memory, usome Slots used. Halafu tazama jina la GPU. Kwenye 155H yenye vijiti viwili huandikwa `Intel(R) Arc(TM) Graphics`. Ikiwa na kimoja, hubaki `Intel(R) Graphics` tu.

Bandari_Tech: Kijiti kinahusiana vipi na NPU?

FundiRAM: CPU, GPU na NPU zinachota data kwenye RAM ileile. Tuseme kesho Salma anataka modeli ya lugha imfupishie mahojiano, ndani ya mashine. Modeli ya bilioni 8 iliyobanwa ina faili la GB 4.9 hivi, na kila tokeni, yaani neno au kipande cha neno, inayoandikwa inalazimu faili lote lisomwe upya. Kijiti kimoja cha DDR5-5600 kinapitisha GB 44.8 kwa sekunde. Gawanya kwa 4.9, dari yako ni tokeni 9 kwa sekunde. Vijiti viwili, 18. Ile i7 yenye vijiti viwili vya 5200 inapitisha 83.2, yaani tokeni 17 bila NPU yoyote. Hizo ni dari, uhalisia uko chini yake. NPU inasaidia kusoma swali refu, lakini uandishi unasubiri RAM.

Mlimani_Linux: Mimi natumia Ubuntu kwenye Ryzen AI 300 yenye NPU ya 50 TOPS, na Ollama, programu ninayoendeshea modeli za lugha, haiigusi kabisa. Nimekosea kuseti?

FundiRAM: Hujakosea. Draiva ya amdxdna imo kwenye kerneli tangu 6.14, lakini draiva peke yake haitoshi, programu nayo lazima iandikwe kwa ajili ya NPU. Ollama inatumia CPU na GPU.

Bandari_Tech: Nakubali kuhusu RAM. Lakini laptopu hukaa miaka minne, mitano. Programu zitakazokuja zitaandikwa kwa kiwango cha 40. Bado nasema asubiri apate Core Ultra 200V.

FundiRAM: Kwenye 200V, RAM imeunganishwa na prosesa, huongezi kitu baada ya kununua. Akiichukua, achukue ya 32 GB, na bei hiyo si ya laki tano tena. Mimi silipii programu ambazo hazijaandikwa. Hapo tutofautiane.

Salma_hesabu: Nimerudi kutoka dukani. Ya pili: NPU 0 ipo, Studio Effects ipo, grafu imepanda. Slots used 1 of 2, na GPU inasoma `Intel(R) Graphics`. Ya kwanza ni 2 of 2.

FundiRAM: Basi mwambie muuzaji aweke kijiti cha pili cha 16 GB DDR5-5600 ndani ya hiyo laki tano. Akikubali, chukua ya pili. Akikataa, chukua ya kwanza.