Tupeane uzoefu: video ya wasifu ya dakika moja inayomfanya mteja akuamini

Kamera_Tulivu
Wakuu, uzi huu ni wa wale wanaofanya kazi kwa mbali na wameambiwa waweke video fupi kwenye wasifu wao. Tuzungumzie video moja tu: mtu mmoja, anaongea akitazama kamera, isizidi sekunde 60, imerekodiwa kwa simu. Lete kinachofanya kazi na kinachoharibu, na useme kwa nini.

Naanza na mwanga, kwa sababu ndiko simu nyingi zinaposingiziwa ubovu. Kaa ukitazama dirisha, umbali wa kama mita moja, kisha geuza kiti kidogo ili shavu moja lipate mwanga zaidi ya jingine. Simu iwe kati yako na dirisha, pembeni kidogo isikuzibie mwanga. Jua likipiga moja kwa moja, tundika pazia jepesi jeupe. Upande wenye kivuli kizito simamisha shuka jeupe au ubao mweupe karibu na bega, nje ya fremu, kivuli kitalainika. Halafu zima taa ya dari. Taa hiyo inatia kivuli kwenye matundu ya macho, na rangi yake haifanani na ya mchana, kwa hiyo nusu ya uso inatoka ya njano na nusu ya buluu.

Ngozi yetu nyeusi ina jambo lake hapa. Ukikaa mbele ya ukuta mweupe na shati jeupe, simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga wa picha nzima, uso unazama. Vaa rangi ya wastani, ukuta wa nyuma usiwe mweupe wa kung'aa, kisha gusa uso wako kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole hadi mwanga ufungwe. Simu nyingine zinaandika AE/AF LOCK, nyingine zinaonyesha kufuli. Usipofunga, kila ukisogeza mikono picha inapanda na kushuka mwanga.

Kabla ya kurekodi yote, chukua sekunde tano, kuza picha, tazama mboni. Kukiwa na nukta ya mwanga katika kila jicho, umekaa pazuri. Macho yakiwa meusi tupu, mwanga unatoka juu au nyuma yako.

SautiSafi
Umemaliza kwenye mwanga, mimi nashika sauti. Mtu atavumilia picha ya wastani, ila sauti yenye mwangwi ataifunga kabla hujataja jina.

Mwangwi hauletwi na simu mbovu. Unaletwa na umbali. Simu ikiwa mita moja na nusu kutoka mdomoni, inanasa sauti yako pamoja na ile iliyogonga kuta na kurudi, na hizo mbili zinakaribiana kwa nguvu. Ukisogeza maikrofoni hadi sentimita 20 hivi kutoka kidevuni, sauti yako inazidi sana ile ya kuta. Ndiyo maana maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola inaishinda simu ghali iliyosimama mbali.

Huna maikrofoni? Tumia simu ya pili kama kinasa sauti. Iweke mezani au mapajani chini ya fremu, karibu na kifua, upande wa chini wenye maikrofoni ukuelekee. Anza kurekodi kwenye simu zote mbili, piga kofi moja mbele ya kamera, kisha ongea. Kwenye kuhariri, linganisha mlio wa kofi na picha ya viganja vinapokutana, halafu zima sauti ya simu ya kwanza.

Chumba nacho kina kazi. Piga kofi ukiwa umenyamaza. Ukisikia mlio mfupi unaobaki hewani, chumba ni kitupu mno. Hamia chumba cha kulala, fungua kabati la nguo, tandika blanketi sakafuni mbele yako. Zima feni na jokofu kwa dakika hizo, na simu zote weka hali ya ndege. Rekodi pia sekunde kumi za kimya, kisha zisikilize kwa hedifoni, maana vishindo vidogo usivyovisikia kwa masikio matupu hapo vinajitokeza.

Mpenda_Picha_Kali
Nyie mnazunguka sana. Weka 4K, tumia kamera ya nyuma, vaa hedifoni zisizo na waya ili maikrofoni iwe karibu na mdomo. Imeisha.

SautiSafi
Kamera ya nyuma umepatia, mara nyingi ni bora kuliko ya mbele. Hedifoni ndipo panapopinda. Hedifoni nyingi zisizo na waya, maikrofoni yake ikiwashwa, sauti inabanwa kwa kiwango cha kupigia simu. Ndiyo ile sauti ya puani kama mtu aliye ndani ya kopo. Hedifoni za waya hazina tatizo hilo, ila kidude chake cha maikrofoni kikigusa kola kinakwaruza kila ukipumua. Kibane kwa kibanio kisitikisike. Na 4K kwa video itakayotazamwa kwenye kisanduku kidogo inakupa faili zito tu. 1080p inatosha.

Bint_Hesabu
Samahani kuingilia. Mimi ni mtunza hesabu. Mwanga nimeelewa, kinachonikwamisha ni maneno. Nimeandika: "Habari, mimi ni mtaalamu wa hesabu mwenye ari, bidii na uaminifu wa hali ya juu. Nimefanya kazi na wateja wengi na ninatoa huduma bora kwa wakati." Kila nikiisoma naona inatoka baridi. Niongeze nini?

Kamera_Tulivu
Dada, usiongeze, badilisha. Maneno yote hayo hata mwizi anaweza kuyasema. Mteja wa hesabu anaogopa jambo moja, kukupa karatasi zake kisha asijue unafanya nazo nini. Mwonyeshe hapo. Jaribu hivi, kisha uweke mambo yako halisi:

"Kama unauza bidhaa na mwisho wa mwezi hujui faida yako imeishia wapi, kazi yangu ni kukuonyesha. Naitwa (jina), nafunga hesabu za maduka madogo. Ukinitumia risiti na taarifa ya benki, kitu cha kwanza ninachofanya ni kulinganisha kila malipo na risiti yake. Malipo yasiyo na risiti nayaandika kwenye orodha na kukuuliza kabla ya kufunga mwezi. Sikisii. Ifikapo tarehe 5 unapata ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, unaowadai na wanaokudai. Maduka yenye wafanyakazi wengi wa mishahara siyachukui. Ukitaka tuanze, nitumie ujumbe uniambie unauza nini na kwa mwezi una risiti ngapi."

Hapo kuna maneno kama 85. Ukiongea kwa utulivu unapata karibu sekunde 50, na nafasi ya kupumua inabaki. Ukifika maneno 130 utaanza kukimbia ili uwahi dakika, na anayekimbia anasikika kama anaficha kitu.

Tazama ile sentensi ya "siyachukui". Watu wengi wanaifuta wakidhani inafukuza wateja. Mimi naona ndiyo inayofanya zilizotangulia ziaminike, kwa kuwa aliyetaja mpaka wake hawezi kuwa anadai kila kitu. Lakini iwe kweli. Na usionyeshe karatasi za mteja yeyote nyuma yako, hata kwa mbali, kwa sababu atakayeziona atajua na zake zitaonyeshwa.

Mwalimu_wa_Jioni
Hii itanisaidia kesho, nina usaili wa video saa nne. Kwa hiyo nikariri majibu yawe maneno 85?

Kamera_Tulivu
Hapana mkuu, usaili ni maongezi ya moja kwa moja, usihesabu maneno huko. Chukua mwanga na sauti tu, ya skripti yaache.

Mzee_Skripti
Nina neno juu ya kusoma. Wengi wanabandika karatasi pembeni ya simu, macho yanakwenda kushoto kulia, mtazamaji anaona anasomewa. Kama lazima usome, karatasi ikae chini kidogo ya lenzi ikiigusa, herufi kubwa, mistari mifupi ya maneno manne au matano, nawe urudi nyuma hadi mita moja na nusu. Kadiri unavyokuwa mbali, ndivyo mwendo wa macho unavyopungua kuonekana. Umbali huo unasaidia na uso pia, maana lenzi pana ya simu ikiwa karibu sana inakuza pua. Simu iwe usawa wa macho, iegemee vitabu kama huna stendi. Ikiwa chini, unamtazama mteja kwa juu, na hilo halimpendezi mtu.

Ila mimi sipendi kusoma kabisa. Gawa skripti vipande vitatu, rekodi kimoja kimoja, unganisha. Kila kipande ni sekunde 15 au 20, kichwa kinakibeba bila karatasi.

SautiSafi
Hapo sikubaliani nawe, Mzee. Kwenye video ya kuaminika, kila unapokata mtazamaji anajiuliza kilichoondolewa ni nini. Afadhali akosee neno moja, ajirekebishe, aendelee. Mara moja tu, si kila sentensi.

Mzee_Skripti
Kukata kunakoonekana ni kule ambako kichwa kimeruka. Kipande cha pili ukikirekodi umesogea karibu kidogo, jicho linakubali. Lakini nakupa hili: sentensi ya kwanza na ya mwisho zisikatwe katikati.

Miwani_Minene
Wadau, mimi navaa miwani na dirisha lote linaonekana ndani ya vioo. Nikivua sioni hata simu ilipo. Nifanyeje?

Kamera_Tulivu
Usivue, wateja wakikutana nawe watakuona nayo. Inua kidogo mikono ya miwani nyuma ya masikio ili vioo viiname chini, nyuzi chache tu, kisha geuza kiti dirisha liende pembeni zaidi, karibu na bega. Kama unatumia taa badala ya dirisha, ipandishe juu ya kichwa kidogo na uielekeze chini. Rekodi sekunde tano, geuza kichwa taratibu kushoto na kulia, uone mwanga unarudi upande gani. Na taa ikileta mistari inayotembea kwenye picha, hiyo ni taa inayopepesa haraka kuliko jicho linavyoona. Badilisha taa au rudi dirishani.

Bint_Hesabu
Nimeisoma kwa sauti, imetoka sekunde 54. Swali la mwisho: maandishi chini ya video niweke? Na simu niisimamishe au niilaze?

SautiSafi
Maandishi weka, wengi wanatazama wakiwa wamezima sauti. Yasome yote wewe mwenyewe kabla ya kupandisha, hasa jina lako na tarakimu, kwa maana yakiandikwa na programu huko ndiko yanakokosewa zaidi.

Mzee_Skripti
Ilaze, kama wasifu unafunguliwa kwenye kompyuta.

Mpenda_Picha_Kali
Isimamishe. Wateja wako wako kwenye simu.

Kamera_Tulivu
Fungua ukurasa wa wasifu wako kwanza, tazama kisanduku cha video kina umbo gani, ndipo uamue. Na soma masharti yao ya urefu na ya kutaja namba ya simu. Kuna sehemu zinazokataa video yoyote yenye mawasiliano, na hapo utarekodi upya yote.