Wazazi wa watoto wadogo wenye sikoseli: homa ikipanda mnafanyaje? Tupeane uzoefu

MamaZawadi: Jana kliniki nimekaa na mama mmoja mgeni, mtoto wake ana miezi minane, mnene, anacheka na kila mtu. Anauliza kwa nini apewe penisilini asubuhi na jioni wakati haumwi. Nimekumbuka mbali sana. Wenye watoto wa umri huo, mnatoaje dawa? Na homa ikija?

Baba Wawili: Wangu ana miaka miwili. Nusu kidonge cha 250 asubuhi, nusu jioni, tunasaga kwenye kijiko na maji kidogo. Ya maji tuliiacha, ikishachanganywa inataka friji na haivuki wiki, na umeme wetu mnaujua. Ila kwa homa sina presha. Mtoto ameshameza antibayotiki, sindano ya nini tena? Siku hiyo namwongezea kidonge kizima.

Bi Shufaa: Baba Wawili, tafadhali usimwongezee, nisikilize kwanza. Mjukuu wangu alikuwa na mwaka na miezi miwili, dawa anameza kila siku, namnywesha mimi mwenyewe. Jioni akachemka, kipimajoto kikasoma 39.2. Tukakimbilia zahanati ya karibu. Wakapima malaria, ikaonekana ipo, tukapewa dawa mseto na panadoli, "rudini nyumbani". Panadoli ikashusha joto, akacheza kidogo, tukashukuru. Usiku wa manane nikamshika miguu, baridi kama barafu, tumbo moto. Anapumua haraka, nikimwita haniangalii. Mama yake akambeba na khanga tu, tukapata bodaboda hadi hospitali ya wilaya. Yule daktari wa zamu alipoiona kadi ya sikoseli hakuuliza maswali mengi. Kanula mkononi, wakachukua damu ya kuotesha, seftriaksoni ikaingia papo hapo, majibu yakafuata baadaye. Kesho yake maabara wakasema kimeota kidudu cha nimokoka. Malaria ilikuwepo kweli, na hiki pia kilikuwepo. Mtoto yupo hai, Alhamdulillah.

Nuru_K: Pole sana bibi. Nimelia.

Baba Wawili: Lakini bibi, si alikuwa anameza penisilini? Basi haina kazi!

Nesi wa Zamu: Ina kazi kubwa, kaka. Utafiti wa Marekani uliotoka 1986 uliwagawa watoto, wengine penisilini na wengine dawa isiyo na kitu, na ukasitishwa mapema kwa sababu maambukizi makali yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa waliomeza. Yalipungua, hayakwisha. Bandama ndiyo inayochuja wadudu kwenye damu, na kwa watoto wetu chembe zilizojikunja zinaiharibu mapema, mara nyingi kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Kidonge kidogo kinamzuia mdudu asipate nafasi. Akishaingia kwenye damu anazaliana kwa saa chache, na dozi ya kumeza haitoshi, tena mtoto mwenye homa anatapika. Kidonge kizima hakimfikii. Ndiyo maana kwetu joto likifika 38.5 hatusubiri majibu. Tunatoa damu ya kuotesha inapowezekana, kisha sindano. Mtoto wa kilo 10 tunampa kama miligramu 750, na malaria ikionekana tunatibu vyote viwili.

Mjomba_Temeke: Mnawapa watoto dawa hizi miaka na miaka, wadudu si watazoea? Muarobaini hamuutaki.

MamaZawadi: Mjomba, muarobaini hauingii kwenye damu ya mtoto saa saba usiku. Tusipotoshane hapa.

Mjomba_Temeke: Sijasema badala ya hospitali! Nimeuliza usugu tu.

Nesi wa Zamu: Usugu upo, swali lako ni halali. Ndiyo sababu nyingine tunachagua seftriaksoni kwenye homa, na ndiyo maana chanjo ya nimokoka ya wiki 6, 10 na 14 hairukwi.

Salma wa Kigoma: Wangu homa sijaiona, yeye ni maumivu ya vidole, vinavimba kama sambusa. Nimpe nini?

Nuru_K: Dada fungua uzi wake, utasaidiwa. Mimi nauliza kuacha: wa kwangu anafika miaka mitano. Kliniki moja wameniambia niache, nyingine niendelee.

Bi Shufaa: Endelea.

Baba Wawili: Wa jirani aliacha na anasoma darasa la tatu.

Nesi wa Zamu: Wengi huacha akifika mitano, kama chanjo zimekamilika, hajawahi kupata maambukizi makali na bandama haijatolewa. Madaktari wengine huendelea. Muulize anayemjua mtoto wako. Ila akiacha kidonge, sheria ya homa haiachwi.

Salma wa Kigoma: Kwetu zahanati inafungwa jioni, hospitali ni mbali na mvua barabara haipitiki. Hapo?

Nesi wa Zamu: Dada Salma, seftriaksoni inachomwa hata pajani. Mganga wa zahanati yenu akikubali, amchome mtoto dozi ya kwanza hapo, ndipo msafiri. Nenda ukamwambie mchana, mtoto akiwa mzima, umwoneshe kadi, mkubaliane atafunguliwa mlango usiku na nani.

Salma wa Kigoma: Anaishi nyuma ya zahanati. Kesho naenda.