Mrejesho: mashine ya kidole kuzungusha dakika hadi robo saa

Nilichouliza: "Wakuu, kazini mashine inapeleka muda kwenye robo saa iliyo karibu, bosi anasema mwisho wa mwezi inajisawazisha, ni kweli au tunaliwa?"

Asanteni sana jamani. Nilifuata ushauri wa yule aliyesema nisibishane ila nichukue muda halisi kabla haujazungushwa, nikaweka kwenye excel `=MROUND(A2,"0:15")` nikatoa tofauti kwa watu wote 14 hapa kiwandani Kizota, mwezi mzima.

Haijisawazishi. Ukichelewa hapa unakatwa, so kila mtu anawahi, 07:53 inakuwa 08:00, jioni kazi ikivuta kidogo 17:07 inarudi 17:00, yani dakika zote zinaenda upande mmoja. Mimi nilipoteza wastani wa dakika 12 kwa siku, siku 26 ni saa 5 na dakika 12. Aliyefaidika ni mmoja tu, anaingia 08:06 kila siku anahesabiwa 08:00 😂

Bosi kaangalia karatasi kakubali, jioni sasa wanalipa dakika halisi. Asubuhi kagoma, anasema kabla ya saa mbili watu wanakunywa chai tu, na kusema ukweli kwa wengi wetu ni kweli, ila wawili wanaowasha mashine ya kukamua alizeti mapema wataanza kulipwa toka wanapogusa kidole. Za nyuma hakulipa hata senti, hapo nimefeli.

Anayetaka kupima kwake, achukue mwezi mzima na watu wote, siku mbili tatu hazioneshi kitu.