Tupeane uzoefu: nyama ya Idi Kubwa uliyoikausha ovenini, ilikwendaje?

Ummu Salma, Kikwajuni
Asalaam alaykum. Leo nimefungua chupa ya vipande vya nyama ya ng'ombe nilivyokausha baada ya Idi, nikakuta vimeota manyoya ya kijani. Na roho yangu ilikuwa imeshavitamani! Nilivikata vyembamba, nikavitia viungo, nikaviweka ovenini nyuzi 65 kwa saa sita. Vilitoka vyeusi, vikavu, vyenyewe vya kutafuna. Nikavitia chupani vingali vya moto nikafunga kifuniko. Siku tisa tu, juu ya kabati. Yupi mwengine yamemkuta? Mlikausha saa ngapi, mkaweka wapi?

Yakhe wa Mtambwe
Jawabu umeshalitoa mwenyewe, dada. "Vingali vya moto."

Mama Nasra
Yamenikuta. Hata sitaki kuhadithia.

Babu Karafuu
Oveni ya nini? Bibi zetu walitia chumvi wakaanika juani, basi. Hii ya kuchoma gesi saa sita ni uzungu tu.

Mama Nasra
Babu, bibi zetu walianika ng'onda wakati wa kaskazi, jua kali na upepo mkavu. Wewe anika nyama ya ng'ombe Masika uone nzi watakavyokualika harusi.

Mpishi wa Nungwi
Ummu Salma, umenikumbusha nilivyoharibu kilo nne za watu jikoni nilikokuwa nikifanya kazi. Tangu siku ile naifanya hivi. Chukua kilo mbili za paja, toa mafuta yote, hata yale ya uzi mweupe, kwa sababu mafuta hayakauki, yanachacha. Iweke friza saa moja au mbili mpaka iwe ngumu kidogo, ndipo kisu kitakukatia vipande vya nusu sentimita vinavyolingana. Soya sosi, ndimu, thomu, pilipili manga, halafu ilale ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokosea. Asubuhi usiipeleke mbichi ovenini. Ichemshe ndani ya ule ule mchuzi wake kwa dakika chache, kisha toa kipande kinene kuliko vyote, kikunje kuzunguka sindano ya kipimajoto. Kikisoma 71 ndani, chuja, panga juu ya wavu visigusane, peleka oveni ya nyuzi 60 mpaka 65, mlango umeushikilia kwa mwiko ili mvuke utoke. Mie naanza kujaribu saa ya tatu. Toa kimoja, kiache kipoe, kikunje: kikipasuka nyuzi nyuzi bila kukatika, tayari. Kikikunjika kama mkanda, rudisha. Kwangu kilo mbili kama hizo huchukua saa tano na kidogo, na hutoa kama gramu 700.

Side wa Michenzani
Kuchemsha kunaondoa utamu. Nyuzi 65 zinaua kila kijidudu kwa saa sita, mie nafanya miaka yote na sijafa.

Mpishi wa Nungwi
Side, 65 ni ya hewa ya oveni, si ya nyama. Ukitoka kuoga ukapigwa na feni unasikia baridi hata chumba kikiwa cha joto, si ndiyo? Nyama mbichi nayo ni hivyo hivyo. Maji yakitoka yanachukua joto, nyama inabaki vuguvugu saa nyingi. Na vijidudu vilivyokauka polepole vinakuwa sugu, joto la baadaye haliviui vizuri. Kama huwezi kuchemsha, basi ukimaliza kukausha panga tena, tia oveni 135 kwa dakika kumi. Utamu utabaki, ila kuchemsha kwanza ndiko ninakokuamini zaidi.

Side wa Michenzani
Nimekuelewa nusu. Bado mchuzi wako unaonekana kama wa kumlisha mgonjwa.

Binti Mkoani
Mie nina kisa, na kila nikisikia "nyama vuguvugu" tumbo linanizunguka. Usiku wa kuamkia safari ya Unguja niliweka kilo na nusu ovenini, mbichi, oveni ya umeme. Haijafika hata saa mbili umeme ukakatika. Nikasema utarudi sasa hivi, nikalala. Umerudi alfajiri! Nyama imekaa mle ndani ya joto la kuatamia mayai usiku mzima. Haikuwa na harufu mbaya hata kidogo. Nikapandisha moto mkali, nikaibabua nusu saa, nikasema moto umeshaua, nikafunga kwenye mfuko tukapanda boti.

Tukala hapo hapo kabla ya kung'oa nanga, mie, shangazi yangu na mwanangu. Saa mbili baadaye shangazi kaomba mfuko. Kisha mwanangu. Kisha mie, na mfuko mmoja tu tulokuwa nao, tena ndio ule wa nyama. Mume wangu kala vipande viwili na kakaa anatuangalia kama televisheni.

Yakhe wa Mtambwe
Ilikuwa kusi?

Binti Mkoani
Kusi, ndiyo. Kwani?

Yakhe wa Mtambwe
Basi msiisingizie nyama. Mkondo wa Nungwi wakati wa kusi hutapisha hata nahodha.

Mama Nasra
Shangazi wa Kipemba kavuka mkondo ule maisha yake yote, leo atapike kwa mawimbi? Ilikuwa nyama!

Nesi mstaafu
Kutapika ghafla ndani ya saa chache, watu watatu wa sahani moja, ni dalili ninayoijua. Mlikuwa na homa?

Binti Mkoani
Hapana. Jioni tulikuwa wazima, tumechoka tu.

Nesi mstaafu
Kuna vijidudu vya mikononi na puani mwetu ambavyo vikikaa kwenye chakula cha vuguvugu huzaliana na kuacha sumu. Ule moto wa alfajiri uliviua wenyewe, lakini sumu yao haiondoki kwa kupika. Na haina harufu. Sisemi kwa uhakika ndiyo hiyo, bahari nayo ina yake. Ila nyama iliyolala vile humwagwa, hairekebishwi.

Yakhe wa Mtambwe
Na mume hakutapika. Fafanueni hilo.

Mama Nasra
Wanaume huwa hawatapiki, husema "nimechoka" wakalala.

Ali wa Wete
Samahani, ng'onda wa papa naye anachemshwa mpaka 71?

Babu Karafuu
La hawla.

Ummu Salma, Kikwajuni
Jamani rudini kwenye chupa yangu. Nikikwangua ule ukungu na kurudisha ovenini?

Nesi mstaafu
Hapana. Mwaga yote.

Side wa Michenzani
Tia mchele chini ya chupa, unanyonya maji.

Mpishi wa Nungwi
Mchele hauwezi kushindana na unyevu wa Unguja. Dada, acha vipande vipoe kabisa ndipo uvitie chupani, kisha viangalie siku mbili tatu. Ukiona tone moja tu kwenye kioo, ndani hakujakauka, rudisha ovenini siku hiyo hiyo. Hutokea hasa ukikausha kwa moto mkubwa: nje inafunga kama ganda, ndani mbichi. Nje ya friji mie siviachi zaidi ya wiki mbili, Masika hata hizo sithubutu, naweka friji kwenye mifuko midogo midogo. Vya miezi, friza.

Side wa Michenzani
Kwetu haifiki wiki mbili. Watoto.

Ummu Salma, Kikwajuni
Nimemwaga. Paka wa jirani kaja, kanusa, kaenda zake.