Naomba ushauri: machozi yamegoma, na nikibuni maneno mwenzangu anapotea

KivuliChaPazia:
Habari za humu wakuu. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani. Tuna onyesho la usiku tisa, tumeshacheza tano. Mchezo umeandikwa mwanzo hadi mwisho. Mimi ni mama anayeletewa koti la mwanawe aliyekufa maji. Mwongozaji wetu ni muumini wa methodi, akaniambia nisiigize kilio, nikakitafute ndani yangu. Nikachukua kifo cha baba yangu, miaka miwili iliyopita.

Usiku wa kwanza hadi wa tatu nililia kweli, watu wakalia nami. Wa nne, hakuna kitu. Nilimwita baba kichwani hakuja. Wa tano alikuja akakataa kuondoka: kwikwi, maneno yakapotea, nikaanza kusema ya kwangu. Sasa, fundi wa taa hupunguza mwanga akisikia "funga hilo dirisha." Sikuisema. Taa zikabaki zinawaka, na mwenzangu anayecheza mjumbe akabaki ananitazama kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Nifanyeje? Nishike maandishi kama yalivyo, au nijifunze kubuni papo kwa papo ili nikikwama niokoke? Na hii methodi nimeielewa vibaya, au ndiyo ilivyo?

SautiYaJuu:
Dada, tatizo ni hayo maandishi. Kundi letu la vichekesho halina skripti. Tunaomba neno moja kwa watazamaji, tunajenga kisa hapo hapo. Mwenzako akisema wewe ni daktari, basi wewe ni daktari, unapokea na kuongeza. Ukikosea, kosa linakuwa sehemu ya kisa. Tupa karatasi uone utakavyopumua.

KivuliChaPazia:
Kaka, kwenu taa hazingoji sentensi. Na mwandishi wetu huwa anakaa ukumbini.

MwanaSinema_09:
Methodi ni kuishi kama mhusika saa ishirini na nne. Kosa lako ni kumvua huyo mama ukifika nyumbani. Usiongee na watu, kaa na msiba, lala na hilo koti. Mwigizaji Marlon Brando alifundishwa hivyo na Lee Strasberg, mwalimu mkubwa wa methodi, ndiyo maana hakuna aliyemfikia. Ila ni kweli inachosha.

MzeeWaMazoezi:
MwanaSinema, hapo mwisho tu ndipo uliposema kweli. Kubaki ndani ya mhusika mchana kutwa ni uamuzi wa waigizaji fulani, na magazeti yameupenda. Zoezi la Strasberg lilikuwa jambo jingine kabisa. Na Brando mwenyewe alimtaja Stella Adler kuwa ndiye mwalimu wake.

Sasa binti yangu Kivuli. Uliambiwa ukatafute kilio ndani yako, ukakitafuta kwa jina lake. Strasberg hakufundisha hivyo. Alianza na kiti: unakaa, unalegeza mwili, shingo, taya, mpaka hakuna msuli unaojishikilia bure. Kisha huzuni unaiacha kabisa, unatafuta vitu. Kitambaa ulichokuwa umekishika kilikuwa kizito au chepesi? Mwanga ulitokea upande gani? Nani alikuwa anakohoa chumba cha pili? Hisia ikija, inakuja yenyewe nyuma ya vitu hivyo. Na alitaka tukio la zamani, miaka saba au zaidi, kwa sababu jipya bado halijakaa mahali. La kwako lina miaka miwili. Usiku wa nne ulifukuzia machozi, yakakimbia. Wa tano hukupata kumbukumbu, ulipata kidonda chenyewe, na kidonda hakijui kwamba kuna sentensi ya taa.

Lakini hata ukilifanya zoezi sawasawa, ugomvi unabaki. Mwaka 1934 Stella Adler alikutana mjini Paris na Stanislavski, yule Mrusi ambaye mafundisho yake ndiyo chanzo cha methodi, akafanya naye kazi kwa wiki kadhaa. Akarudi New York kwa wenzake wa kundi la Group Theatre, Strasberg akiwemo, akawaambia kwamba wamekazania mno kumbukumbu binafsi, wakati Stanislavski mwenyewe anasisitiza hali zilizomo ndani ya mchezo na matendo ya mhusika. Strasberg hakukubali. Walimu wanagawanyika hapo mpaka leo. Mimi niko upande wa Adler, nakiri mapema.

Jiulize: huyo mama anataka nini akipewa koti? Hataki kulia. Anataka kuthibitisha kwamba si la mwanawe. Basi lichunguze. Geuza kola. Pima mkono wa koti na mkono wako. Tafuta kile kifungo ulichokishona kwa uzi wa rangi nyingine, ukiomba usikikute. Ukikikuta, ndipo useme lifungwe dirisha. Hayo unaweza kuyafanya usiku wote tisa, hata siku una mafua. Machozi yakija kwenye kifungo, sawa. Yasipokuja, watu wamekuona unatafuta, na kutafuta huko kunawatosha.

Kipimo ni rahisi. Ukitoka jukwaani jiulize mjumbe alisemaje sentensi yake ya mwisho leo: kwa haraka, kwa woga, akitazama wapi? Kama hukumbuki, ulikuwa na baba yako, hukuwa na mjumbe.

Kubuni nako kuna kazi, ila mahali pake ni mazoezini. Chezeni hilo onyesho bila maandishi, mjumbe alifiche koti, akatae kukupa. Utakachokigundua, rudi nacho kwenye maneno yaliyoandikwa. Mwongozaji wa filamu Mike Leigh hukaa miezi na waigizaji wake wakibuni, halafu mbele ya kamera mambo huwa yameshakazwa.

TausiMweusi:
Nampinga mzee kidogo. Mimi nacheza filamu, kumbukumbu yangu imeniokoa mara nyingi. Kamera iko hapa puani, ikiona uongo imeona. Na nahitaji ije mara moja tu, ikinaswa imenaswa. Msiifanye methodi ugonjwa.

MzeeWaMazoezi:
Mara moja? Nawe utarudia kwa kila pembe ya kamera, mama. Lakini nakubali, hoja ya kamera ina uzito. Usiku tisa mfululizo ni mzigo wa namna nyingine.

KitiChaNyuma:
Miaka mingi nimekuwa mkumbushaji, yule wa nyuma ya pazia anayenong'ona maneno yakisahaulika. Nadharia waachieni wasomi. Leo kabla ya onyesho kaa na mjumbe na fundi wa taa. Chagueni maneno matatu ambayo hata kama paa linaanguka lazima yatamkwe, na "dirisha" liwemo. Ukikwama, mjumbe akuulize, "Nifunge dirisha?" Taa zinashuka, mnaendelea. Huko ndiko kubuni kunakokufaa wewe, na hakuna mwandishi atakayelalamika.

SautiYaJuu:
Hilo swali la mjumbe si ndiyo kupokea na kuongeza? Nilisema mimi.

KivuliChaPazia:
Mrejesho. Jana, usiku wa sita, nilitumia kifungo. Tulikishona kweli, uzi mwekundu. Machozi hayakutoka hata tone. Sentensi ya taa niliisema mahali pake. Mjumbe aliniambia ndiyo mara ya kwanza nimemtazama tangu tufungue, na kweli nakumbuka alivyosema sentensi yake, sauti ilimkatika katikati. Ila mwongozaji kasema nilikuwa baridi. Anataka baba arudi leo, eti watu wamelipa kuona kilio. Mkataba wangu na yeye. Nimekwama tena, kwa namna nyingine.

TausiMweusi:
Mwombe akuone usiku mmoja zaidi kabla hajaamua.

KitiChaNyuma:
Na umuulize, aliposema baridi, alikuwa amekaa safu ya ngapi. Huku nyuma kila kitu ni baridi.