Kumuaga bosi ambaye pia ni rafiki: barua rasmi au ya kirafiki?

Mpole: Wakuu, naombeni mawazo. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Nimeandika barua mbili za kumuaga bosi. Moja inaanza "Ndugu Meneja, nakushukuru kwa uongozi wako", nyingine "Kaka, sijui nianzie wapi". Tumekuwa marafiki miaka 6. Nitume ipi?

Karani Mstaafu: Nani anaondoka, wewe au yeye? Barua ya kuacha kazi umeshapeleka? Na hii ataisoma peke yake?

Chapakazi: Ya kirafiki! Miaka 6 halafu umwite Ndugu Meneja? Mchangieni na zawadi, apewe mbele ya watu aondoke na furaha.

Mpole: Chapakazi, naondoka mimi, yeye anabaki. Barua ya kuacha kazi nilipeleka mwezi uliopita. Hii ni barua pepe kwake, nakala kwa timu nzima, watu 11.

Karani Mstaafu: Hiyo nakala ndiyo yenye shida. Nimetunza mafaili ya watumishi miaka mingi. Ukimwita "Kaka" mbele ya timu, watu wataanza kukumbuka nani alipewa safari na nani alipandishwa cheo. Wewe utakuwa umeshaondoka, maswali atabaki nayo yeye. Kwa timu andika rasmi na kwa ufupi: siku yako ya mwisho, shukrani kwa wote, kazi umemkabidhi nani. Ya kwake iandike kwa mkono, umpe mwenyewe.

Mama Wawili: Mimi niliumizwa na huo urasmi. Bosi wangu alikuwa rafiki, nilipofiwa na mama alikaa nami msibani siku nne. Wakati wa kuondoka nikaogopa kuonekana najipendekeza, nikamtumia barua ya kawaida, "nashukuru kwa ushirikiano", basi. Akajibu neno moja: "Imepokelewa." Nikadhani ana kazi nyingi. Miezi ikapita, nikampigia. Akaniambia aliisoma mara tatu akitafuta sentensi moja ambayo nisingeweza kumwandikia mtu mwingine, hakuiona. Mpaka leo hatujarudi tulivyokuwa. Mpole, hata ukiandika rasmi, taja tukio moja mnalolijua ninyi wawili.

Chapakazi: Hapo naanza kubadili mawazo, bosi si rafiki. Anayekuandikia tathmini kila mwaka utamwambia yote ya moyoni?

Mama Wawili: Pale msibani hakuwa anaandika tathmini.

Karani Mstaafu: Tusitoke nje ya mada. Mpole, utamhitaji awe mdhamini wako kwenye maombi ya kazi? Kama ndiyo, usiliweke ombi hilo ndani ya barua ya kuaga. Shukrani zote zitaonekana zilikuwa zinaelekea huko.

Mpole: Nilikuwa nimeliweka aya ya mwisho. Nalitoa, nitamwomba siku nyingine. Ya timu nimeifupisha. Ya mkono ndiyo nimekwama mwanzoni, maana ofisini sijawahi kumwita kaka.

Mama Wawili: Na ukiwa nyumbani kwake unamwitaje?