PS4 Slim kwa laki tano, au nijikaze mpaka PS5?

Baba Nuru: Wakuu, habari za leo. Nina laki tano, na nimepata PS4 Slim iliyotumika, pedi mbili. PS5 ni zaidi ya mara mbili ya hela hiyo, itanichukua mwaka kuikusanya. Nyumbani tunacheza mpira tu, mimi na shemeji yangu. Je, nitakuwa nimenunua kitu kilichokwisha?

Mchizi wa Mbagala: PS4 imeshakufa mkuu, hakuna gemu mpya. Kusanya.

Fundi Pedi: Haijafa, ila inazeeka. PS4 ilitoka 2013, PS5 ikaja 2020, na bado FC 26 imetoka kwa PS4. Wewe wa mpira angalia historia: PS2 ilipewa FIFA ya mwisho, FIFA 14, karibu miaka 7 baada ya PS3 kutoka. PS3 iliishia FIFA 19, miaka 5 baada ya PS4. Kwa hiyo uko ukingoni. Na hizo za mwishomwisho huwa ni kubadilishiwa vikosi na jezi tu, uchezaji ni uleule wa nyuma. Kama mnacheza wawili kwenye kochi moja, laki tano inakutosha. Kama unataka kucheza mtandaoni na rafiki mwenye PS5, usinunue: kwenye FC, PS4 hukutana na Xbox One, si PS5.

Mama Gemu: Mimi nina kibanda, PS4 nne. Zinalipa mpaka leo, watoto hawaulizi toleo.

Baba Nuru: Asante dada, ila yangu ni ya sebuleni, si biashara.

Mchizi wa Mbagala: Basi nunua. Ukihamia PS5 baadaye, diski na pedi zote unahama nazo.

Fundi Pedi: Diski ndiyo, mradi PS5 yenyewe iwe na sehemu ya diski. Pedi ya PS4 inakubali kwenye PS5, lakini kwa gemu za PS4 tu. Ukiweka gemu ya PS5, inagoma.

Baba Nuru: Na kuikagua?

Fundi Pedi: Usiridhike na kuona imewaka. Cheza mechi mbili mfululizo mkono ukiwa karibu na matundu ya nyuma. Feni ikianza kunguruma kama pasi ya mvuke, kuna vumbi au pesti imekauka. Hiyo inasafishika, punguza bei. Ikizima yenyewe, achana nayo. Ingiza diski na uitoe mara tatu. Halafu ingia na akaunti yako mwenyewe hapohapo, maana mashine iliyofungiwa mtandaoni hutaijua kwa macho. Mimi niliwahi kuuziwa ya hivyo, nikaijua nikiwa nyumbani.

Mchizi wa Mbagala: Bado nasema GTA VI haiji PS4.

Fundi Pedi: Hapo uko sahihi. Mkuu, shemeji anaitaka hiyo?

Baba Nuru: Ngoja nimuulize. Jumamosi naenda kuikagua.